Michoro ya Nazca: ilichorwa ili nani aione?

*"Nimeangalia video inayosema michoro ya Nazca kule Peru haionekani mpaka uwe angani, eti ndiyo maana haikuchorwa kwa ajili ya binadamu. Rafiki yangu anashikilia kwamba ni kalenda ya jua na nyota. Mwingine kasoma kuwa inaonyesha maji yaliyo chini ya ardhi. Nyinyi wataalamu mnasemaje, na mnajuaje? Halafu, mtu asiye na hela ya kupanda ndege akifika kule ataona nini?" — Msomaji, Morogoro*

Ndugu msomaji, hiyo video imeteleza mwanzoni kabisa, kwa hiyo tuanzie hapo hapo. Mwanaakiolojia wa Peru, Toribio Mejía Xesspe, aliiona mistari ya Nazca, ile mikubwa iliyokwanguliwa kwenye ardhi ya jangwa, mwaka 1927 akiwa kwa miguu, baada ya kupanda vilima vilivyo kando ya lile tambarare. Hakuwa na ndege wala baluni. Aliona mistari iliyonyooka ikikata jangwa na kupotelea mbali, akaifananisha na njia za ibada za watu wa kale wa Andes. Marubani waliokuja kuishangilia kutoka juu walifuata baadaye.

Hata hivyo kuna ukweli fulani ndani ya kosa hilo. Ukisimama kwenye tambarare penyewe, pembeni ya mchoro mkubwa wa mnyama, huoni mnyama. Unaona kijia chembamba, cha rangi hafifu kuliko ardhi iliyokizunguka, kinakwenda na kukunja kona. Mchoro wa kondori, ndege mkubwa wa milima ya Andes, una urefu wa zaidi ya mita 130, na macho ya mtu yako chini ya mita mbili kutoka ardhini, kwa hiyo umbo lote linalala bapa mbele yako. Lakini michoro ya wanyama ni sehemu ndogo tu ya kazi iliyofanyika pale. Sehemu kubwa ni mistari iliyonyooka, mingine ya kilomita nyingi, pamoja na maeneo mapana yaliyosafishwa yenye upana mkubwa upande mmoja na mdogo upande wa pili, ambayo nitayaita trapeza. Hayo yote yanaonekana vizuri ukiwa mlimani. Na michoro ya zamani zaidi, ile iliyochorwa na watu wa utamaduni wa Paracas kabla ya Wanazca, iko kwenye miteremko ya vilima vya karibu na mji wa Palpa, imeelekea bondeni. Mkulima aliyekuwa shambani kwake aliinua kichwa tu akaiona. Kumbuka jambo hili, maana litatufaa mbele.

Jinsi michoro ilivyotengenezwa inaondoa nusu ya miujiza. Jangwa hili liko kusini mwa Peru, kati ya bahari na milima ya Andes, na kwa mwaka mzima hupata milimita chache tu za mvua. Juu ya ardhi kuna tabaka la mawe madogo ambayo kwa maelfu ya miaka yamevaa utando wa kahawia iliyoiva, ambao ni oksaidi za chuma na manganizi. Chini yake kuna udongo wa njano iliyopauka. Ukiyaondoa mawe, ile rangi ya chini inajitokeza, sawa na sufuria inavyong'aa pale ulipokwangua ukoko. Mawe yaliyoondolewa hayakupelekwa mbali. Yalirundikwa pembeni, yakawa ukingo mdogo mweusi unaoufanya mstari uonekane zaidi. Kina chake mara nyingi ni sentimita 10 hadi 30. Udongo wa chini una chumvichumvi na jasi, na ukilowa umande wa asubuhi kisha ukakauka, hushikana ukawa gamba gumu. Mawe meusi nayo hushika joto la jua, hewa ya karibu na ardhi inapanda, na upepo unapunguza nguvu ya kusukuma mchanga. Ndiyo sababu mstari uliokwanguliwa miaka 2,000 iliyopita bado upo.

Kazi yenyewe inahitaji vijiti, kamba na watu wanaoelewana. Mwaka 1982 mtafiti Mmarekani Joe Nickell, akisaidiwa na jamaa zake wachache, alichora kondori yule yule kwa ukubwa wake kamili katika shamba la Kentucky, bila kuelekezwa na mtu aliye juu. Walipiga kamba moja ya katikati, wakapima kutoka kwenye kamba hiyo kwenda kila kona ya mchoro mdogo waliokuwa nao mkononi, wakachomeka vijiti na kuviunga. Mwisho mpiga picha alipanda ndege, akakuta kondori yule amekaa sawasawa. Jaribio hilo halithibitishi kwamba Wanazca walitumia njia hiyo hiyo. Linathibitisha kwamba hawakuhitaji msaada wa mtu yeyote kutoka juu. Kuhusu wale wanaoziita trapeza viwanja vya kutulia vyombo vya anga, nitasema moja tu: ni udongo ulioondolewa mawe, na lori likipita linaacha alama za matairi zinazodumu miaka mingi. Chombo kizito kingeacha nini?

Hoja ya rafiki yako ni nzito zaidi, na inastahili heshima. Ilianza tarehe 22 Juni 1941, siku ambayo jua linakuwa limefika mwisho wa safari yake ya kaskazini, katikati ya majira ya baridi kule kusini mwa dunia. Mwanahistoria Mmarekani Paul Kosok, aliyekwenda Peru kuchunguza mifereji ya kale ya umwagiliaji, alikuwa amesimama kwenye tambarare jioni hiyo akaliona jua likizama karibu kabisa na mwisho wa mstari mmoja. Ukiwa pale na bahati hiyo imekukuta, ungefikiri nini? Kosok akaona kwamba pale ardhini kuna kitabu kikubwa cha elimu ya nyota. Mjerumani Maria Reiche, aliyesomea hisabati, aliichukua kazi hiyo akaifanya kuwa ya maisha. Aliishi pale jangwani miongo kadhaa, akapima mistari, akaifagia kwa ufagio ili ionekane, akagombana na kila aliyetaka kuiharibu, mpaka alipofariki mwaka 1998. Ramani zake ni hazina. Kwamba leo kuna kitu cha kubishania, ni kwa sababu yake kwa sehemu kubwa. Lakini nadharia yake ya kalenda haikusimama ilipopimwa, na namna ilivyopimwa inafaa kuelezwa polepole, kwa sababu ukiielewa utaweza kupima nadharia nyingine yoyote ya namna hii.

Mistari ni mingi na imeelekea kila upande. Sasa hesabu shabaha zilizopo mbinguni. Jua lina mahali linapochomoza na linapozama siku limefika mwisho wa kaskazini, hivyo hivyo mwisho wa kusini, na tena siku ambazo mchana na usiku hulingana. Hizo ni shabaha 6. Mwezi nao una miisho yake, ambayo hubadilika katika mzunguko wa miaka 18 na ushei, nayo inatupa shabaha 8 zaidi. Jumla 14. Tuseme tunaukubali mstari kuwa "umelenga" ukikosea nyuzi moja tu huku au huku, yaani kila shabaha inachukua nyuzi 2 za upeo wa macho. Mara 14 ni nyuzi 28 kati ya 360, karibu asilimia 8. Sasa ongeza nyota 20 zenye kung'aa sana, kila moja ikichomoza na kuzama: shabaha 40, nyuzi 80 nyingine. Hata ukipunguza kidogo zile zinazopandana, unakaribia theluthi moja ya upeo wote wa macho. Maana yake ni kwamba mtu akifunga macho na kutupa fimbo chini ovyo, fimbo moja kati ya tatu au nne "italenga" kitu fulani mbinguni. Na kama hujui mwaka mstari ulipochorwa, unaweza kusogeza mbele au nyuma karne moja mbili mpaka nyota ifike unapotaka, kwa kuwa mahali nyota zinapochomozea huhama taratibu.

Kwa hiyo kumwonyesha mtu mstari mmoja unaoelekea machweo ya Juni hakuthibitishi kitu. Swali la haki ni hili: je, mistari inayolenga jua, mwezi na nyota ni mingi kuliko ambavyo bahati peke yake ingetoa? Mwaka 1968 Gerald Hawkins, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyekuwa amepata jina kwa kudai kwamba Stonehenge, duara la mawe ya kale kule Uingereza, lilijengwa kwa kufuata jua na mwezi, alikwenda Nazca kuuliza swali hilo kwa kompyuta. Huyu hakuwa adui wa nadharia hiyo. Kama kuna mtu aliyetamani ikubalike, ni yeye. Alipima mielekeo 186. Iliyolingana na jua au mwezi ilikuwa takriban mmoja kati ya mitano, kiasi kile kile ambacho vipimo vyake vilikuwa vinaruhusu kwa bahati. Alipojaribu nyota, hakupata zaidi ya hapo. Akaandika kwamba kwa jumla mistari ile haielezeki kwa anga. Mimi huwa namheshimu sana kwa hilo.

Je, hakuna hata mstari mmoja uliochorwa kwa kufuata jua? Huenda upo. Watu waliolima kwa kusubiri maji ya msimu lazima walijua majira, na sioni sababu ya kukataa kwamba mstari fulani uliwekwa makusudi uelekee machweo fulani. Kinachokataliwa ni kuifanya michoro yote kuwa kalenda moja.

Nadharia ya maji ya chini inaingia kwenye mtego huo huo. Katika miaka ya 1990 David Johnson alipendekeza kwamba mistari na trapeza zinaonyesha mahali maji yanapopita chini ya ardhi kutoka milimani. Zipo sehemu ambapo mchoro na chanzo cha maji vinakaribiana kweli. Lakini ukiwa na michoro maelfu katika eneo la kilomita za mraba mia kadhaa, lenye mabonde na nyufa za miamba kila mahali, kukaribiana huko kunatarajiwa. Lililo kweli ni kwamba maji ndiyo yaliyowahangaisha watu hawa kuliko kitu kingine. Mito yao hukauka sehemu kubwa ya mwaka. Karibu na mji wa Nazca kuna mifereji inayopita chini kwa chini, iitwayo puquio, yenye visima vya mzunguko vilivyojengwa kwa mawe ambavyo unashuka kwa kuzunguka mpaka ukayafikia maji. Hadi leo inamwagilia mashamba, ingawa umri wake bado unabishaniwa. Swali ni jinsi gani maji yanahusiana na michoro, na jibu bora limetoka kwa watu walioacha kutazama juu, wakainama kuangalia kilichobaki ardhini.

Wa kwanza ni Anthony Aveni na wenzake, akiwemo mwanaanthropolojia Gary Urton na mwanaakiolojia Persis Clarkson. Walitembea tambarare lote wakagundua kwamba mistari iliyonyooka haikutupwa ovyo. Mingi inatoka kwenye vituo kama 60 hivi, ambavyo ni vilima vidogo au ncha za miinuko, na kutoka kila kimoja mistari inasambaa kila upande. Vituo hivyo vinakaa zaidi pembeni ya tambarare, karibu na mito na mahali milima inapoanza. Ukifuata mstari mmoja, mara nyingi unafika kituo kingine, kisha unashika mwingine, na hatimaye umelivuka jangwa kutoka bonde hadi bonde. Trapeza nazo nyingi zimelala kufuata mwelekeo wa maji yanavyotiririka. Na ukingoni mwa mistari kuna vigae vya vyungu. Hilo ndilo jambo ninalotaka ulione kwa karibu: chungu chembamba cha Nazca, kilichopakwa rangi nyingi, kizuri mno kwa safari ya kawaida, kimevunjwa palepale na vipande vyake vimebaki vimelala pamoja. Mtu hapotezi chungu cha namna hiyo kwa bahati mbaya mara mia.

Upande wa Palpa, kuanzia mwaka 1997, Mjerumani Markus Reindel na Mperu Johny Isla walifukua. Kwenye miisho ya trapeza walikuta majukwaa madogo ya mawe na mashimo ya nguzo, na juu ya majukwaa hayo sadaka: mahindi, vigae, na vipande vya kombe la miiba la spondilo. Kombe hilo halipatikani katika maji baridi ya Peru ya kusini. Linaishi kwenye maji ya vuguvugu kuelekea Ekuado, na katika Andes nzima lilihusishwa na mvua na maji. Lilibebwa umbali mrefu mno kuja kuwekwa mwisho wa uwanja uliofagiliwa jangwani. Vipimo vya sumaku vya timu hiyo hiyo vilionyesha kwamba udongo ndani ya baadhi ya michoro umeshindiliwa, na kwamba chini ya michoro mipana kuna mistari ya zamani iliyofutwa ilipopanuliwa. Miguu ilipita pale, mara nyingi.

Sasa tazama mchoro wa kima, yule mwenye mkia uliojisokota na vidole tisa. Mstari wake ni mmoja. Unaingia, unazunguka mkia, mgongo, mikono, kichwa, unatoka, na haujikati popote. Michoro mingi ya wanyama iko hivyo, na mtu anaweza kuingia upande mmoja na kutokea wa pili bila kukanyaga alipokwisha pita. Aliyetaka picha ya kutazamwa tu hakuwa na haja ya kujibana hivyo. Zaidi ya hapo, kima haishi katika jangwa lile. Kwao ni misitu ya mashariki ya Andes, upande mvua inakotoka.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, nasema michoro mikubwa na mistari ilikuwa mahali pa kutembea na kutoa sadaka kwa ajili ya maji, na kazi ya kuichora, kuifagia na kuipanua ilikuwa sehemu ya ibada yenyewe. Ile michoro ya kale ya Paracas ilikaa miteremkoni ili watu wa bondeni waione; wajukuu wao walihamia juu kwenye tambarare, mahali usipoweza kuiona vizuri lakini unaweza kuipita kwa miguu. Mabadiliko hayo ya mahali kwangu yana uzito kuliko hoja nyingi zilizoandikwa.

Lakini usiifanye nayo kuwa jibu la kila mstari. Clive Ruggles na Nicholas Saunders walichapisha mwaka 2012 habari za njia moja ya mzingo ya zaidi ya kilomita 4, inayokata kona nyingi na kuishia kwenye msokoto. Ukiwa ndani yake hujui kona inayofuata inakupeleka wapi. Kingo zake zimesalia nadhifu mno, dalili kwamba haikupitiwa na umati. Labda mtu mmoja mmoja, kwa mstari, au mara chache tu. Na mwaka 2024 timu ya Chuo Kikuu cha Yamagata ikiongozwa na Masato Sakai, iliyopekua picha za angani kisha ikaenda kuhakiki kwa miguu, ilitangaza michoro mipya 303 ya maumbo, na jumla ya iliyojulikana ikawa karibu mara mbili ya awali. Mingi ni midogo, ya mita 9 hivi kwa wastani, imepangwa kando ya vijia vya kupindapinda. Mle kuna watu, vichwa vilivyokatwa, na wanyama wa kufugwa jamii ya ngamia wa Andes. Ile mikubwa, ambayo wengi ni wanyama wa porini, inakaa karibu na mtandao wa mistari iliyonyooka na trapeza. Inaelekea kulikuwa na watazamaji wa namna mbili: msafiri mmoja au wawili wanaopita kijiani wakaona mchoro mdogo ubavuni mwao, na jamii nzima iliyokusanyika kwenye mikubwa. Jibu moja kwa vyote viwili haliwezi kutosha.

Zaidi ya hayo, kazi hii ilichukua karibu miaka 1,000, kuanzia takriban 500 kabla ya Kristo. Katika sehemu nyingi mistari iliyonyooka imepita juu ya wanyama, ikawakata bila huruma. Aliyeichora hakumjali aliyetangulia, au alikuwa na shida nyingine kabisa.

Na kuhusu safari yako. Kwenye barabara kuu ya Panamericana, kaskazini ya mji wa Nazca, kuna mnara wa chuma wa kutazamia. Ukipanda ngazi zake unaona mchoro unaoitwa Mikono na ule wa Mti, vyote kwa macho tu. Jirani yao kuna mjusi ambaye barabara hiyo ilimpasua katikati ilipojengwa, kabla hajagunduliwa kuwa ni mjusi. Usiishie hapo. Karibu na Palpa kuna mwinuko mwingine kando ya barabara hiyo hiyo, na mbele yake wamesimama watu wa Paracas kwenye mteremko, wakubwa na wenye mapambo kichwani. Hao huhitaji ndege hata kidogo. Usikanyage tu nje ya njia zilizoruhusiwa: mwaka 2018 dereva wa lori aliiacha barabara akaingia jangwani na kuharibu sehemu ya michoro mitatu.